Kundi la Pili, Saa Nane Mchana

Zamani Ida alikuwa akiitwa kwa dirisha. Ikitokea ajali, au mama mjamzito akikwama na uchungu, dereva wa gari la wagonjwa alikuja mpaka nyumba yake ya kupanga nyuma ya soko la Masasi, akagonga ubao wa dirisha kwa ufunguo wa gari, akasema, "Mama Godwin, unatakiwa." Hakusema watu wanatakiwa. Mtaa mzima ulisikia. Majirani waligeuka vitandani wakijua kwamba huko hospitali yupo mtu ambaye hawezi kupasuliwa mpaka mwanamke huyu mfupi, mzaliwa wa Lukuledi, mtoto wa wakulima wa korosho, ajifunge kanga juu ya gauni na kupanda gari.

Alikuwa muuguzi wa usingizi. Kazi yake ni kumlaza mtu, kumshika pale katikati asiangukie upande wa pili, kisha kumrudisha. Daktari anapasua na kushona, na mgonjwa akipona anamshukuru daktari. Anayemlaza hakumbukwi, kwa sababu mgonjwa alikuwa amelala. Ida alilijua hilo na hakulia nalo. Alikuwa na dirisha lake. Likigongwa, lilimtosha kuwa shukrani.

Kwa miaka mingi alikuwa peke yake. Kisha akaja Loveness.

Loveness alikuwa binti wa mwalimu, wa familia ya Kianglikana ya pale pale Masasi, mrefu, mwenye sauti ya chini kama anayezungumza kanisani. Aliletwa kwa Ida akiwa muuguzi mchanga asiyejua hata kuinua taya la mtu aliyelala. Ida alimfundisha yote: namna ya kuinua taya kwa vidole viwili, namna ya kusogeza shavu karibu na mdomo wa mgonjwa ili pumzi ikuguse kabla hujaitazama mashine. Na kila asubuhi, kabla hajamruhusu kugusa kichupa cha dawa, alimuuliza swali moja: "Umelala?" Loveness akijibu, Ida hakusikiliza mdomo. Alitazama macho. Siku mbili tatu alimrudisha nyumbani kwa sababu mdomo ulisema ndiyo na macho yakasema hapana.

Baadaye Loveness akaenda chuo kuongeza elimu. Aliporudi, madaktari wapya wakaanza kusema, "Hebu muulizeni Loveness." Walisema bila ubaya wowote, na hapo ndipo palipomuuma Ida. Angedhulumiwa angekuwa na pa kushika. Angekuwa na kesi, na watu wa kumpa pole. Lakini hakuna aliyemkosea. Loveness alimwamkia shikamoo kila siku kwa magoti kukunjwa kidogo, na kila shikamoo ilimwingia Ida kama maji ya pilipili kwenye kidonda, kwa maana msichana angekuwa na kiburi, wivu wake ungepata nguo ya kuvaa. Sasa ulitembea uchi ndani ya kifua chake, na Ida aliuona.

Na dirisha nalo likanyamaza. Mwaka uliotangulia palitokea ajali ya basi, na watumishi wote wa hospitali walikimbilia kazini kwa mkupuo, wa zamu na wasio wa zamu, kama watu wanavyokimbilia msiba. Huku mtu haitwi msibani. Ukisikia kilio unakwenda, na asiyekwenda atasemwa mpaka msiba wake mwenyewe. Basi walijaa kwenye korido, watano wakimshika mgonjwa mmoja na hakuna anayemshika wa pili, na jioni ilipofika wote walikuwa wamekwisha, hapakubaki mtu wa kusimama. Kikao kikakaa. Ikaamuliwa kwamba siku ya dharura kubwa watu wataitwa kwa ujumbe wa simu, kila mmoja na kazi yake, mahali pa kuripoti na saa yake, na kwa makundi mawili, ili wa pili wawe wazima wakati wa kwanza wamechoka. Ida alikuwepo kwenye kikao hicho. Aliinua mkono pamoja na wengine.

*

Jumamosi hiyo ya Desemba alitoka zamu ya usiku. Alikuwa amemlaza mama mmoja wa upasuaji wa uzazi, mtoto akatoka akipiga kelele, na mpaka kulipokucha hakuwa ameegemeza kichwa mahali. Alifika nyumbani, akabandika maji ya kuoga, akakaa kwenye kigoda akiyasubiri. Mumewe Alfredi alikuwa Lukuledi akimalizia korosho za mwisho. Hewa ilinuka mabibo yaliyooza. Simu ikalia mlio ule mfupi.

DHARURA KUBWA. SI ZOEZI. Jumamosi saa 2:10 asubuhi. Fuso iliyobeba watu imepinduka kwenye mteremko wa kutoka Newala. Majeruhi wanakadiriwa 40. Wa kwanza watafika saa 2:50.

KUNDI LA KWANZA, ripoti saa 2:40. Dkt. Arthur: upasuaji. Loveness: usingizi, meza ya kwanza. Veridiana: kupanga majeruhi kwa rangi mlangoni, na kuwakagua tena kila baada ya muda. Maabara wote wasio zamu: damu.

KUNDI LA PILI, ripoti saa 8:00 mchana, SI KABLA. Ida: usingizi, meza ya pili. Waliotoka zamu ya usiku wote: lala sasa.

MAHALI PA KURIPOTI: banda la kliniki ya watoto, kwa Lameck. Usiende mapokezi wala wodini moja kwa moja. Pita geti la nyuma, la mbele ni la magari ya majeruhi. Njoo na sare na kitambulisho. Jibu NAKUJA au SIWEZI. Usipige simu hospitali. Usisambaze ujumbe huu.

Ida aliusoma mara moja tu, na macho yake hayakuona chochote ila majina mawili. Loveness, meza ya kwanza. Ida, kundi la pili.

Maji yalichemka yakaanza kumwagikia moto. Hakuyaepua.

"Mama Godwin!" Jirani yake, Mama Ziada, muuza vitumbua, alikuwa ameshika nguzo ya baraza, chano kichwani. "Hodi humo! Umesikia? Fuso imeanguka na watu wa ngoma, walikuwa wanakwenda kuwatoa wari unyagoni. Bodaboda wanasema wanawake wamelala barabarani kama mihogo iliyoanikwa. Wewe bado umekaa?"

"Nimetoka kazini sasa hivi, Mama Ziada."

"Kutoka! Siku ile ya basi ulitoka pia, na dereva akaja kukugongea dirisha." Mama Ziada alishusha chano taratibu, macho hayamwachi. "Leo hukuitwa?"

"Nimeitwa."

"Mbona umekaa?"

"Nimeitwa mchana."

Mama Ziada alilifikiria jambo hilo. "Ajali ya asubuhi, wewe unaitwa mchana," alisema. "Haya. Labda watakuwa na mabaki." Akacheka kicheko chake cha kujipigia paja, kisicho na sumu yoyote, akajitwika chano akaondoka kuuza.

Ni neno hilo lililomwinua Ida. Alijua, kama anavyojua jina lake, kwa nini ujumbe ulisema hivyo. Hospitali ilikuwa na watu wawili tu wa usingizi, mmoja alilala usiku kucha kwao na mwingine alikesha. Hata mtoto angewapanga hivyo. Lakini akili ilisema kutoka mbali, kama mtu anayeita kutoka shamba la pili, na wivu ulikuwa umeketi sikioni. Aliona Loveness akiingia chumba cha upasuaji na mlango ukifungwa nyuma yake. Aliona kesho, mjini pote: yule binti wa mwalimu ndiye aliyewalaza wote. Alichukua simu akaandika NAKUJA, akavaa sare ile ile iliyokuwa bado na joto la usiku, akatoka. Maji yakabaki yakichemka peke yake.

*

Banda la kliniki ya watoto lilikuwa na mabenchi ya saruji na picha za matiti na chupa zilizochorwa ukutani. Lameck, katibu wa hospitali, alikaa mezani na kalamu nene na gombo la plasta. Kila aliyefika alitaja jina, Lameck akamtazama kitambulisho, akakata kipande cha plasta, akaandika juu yake jina na kazi, akakibandika kifuani mwa mtu huyo. Hapo ndipo ulipokuwa mtumishi. Mlinzi aliyesimama kati ya banda na majengo aliangalia vifua, wala hakujali nyuso.

Loveness alikuwa mbele ya Ida kwenye foleni. Alibandikwa: LOVENESS, USINGIZI, MEZA 1. Aligeuka, akamwona.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, mbona hujalala?" Aliuliza kwa sauti ile ya kanisani, na kwa huruma ya kweli, na Ida angependelea kofi. "Nenda ukapumzike. Mchana tutakuhitaji sana."

Tutakuhitaji. Nani na nani? Loveness akaondoka kwa hatua ndefu, na kile kipande cheupe kifuani mwake kikapita mbele ya mlinzi kama hati ya mfalme.

"Mama Godwin," alisema Lameck, "wewe ni wa saa nane. Nimeona umejibu unakuja, nikajua unakuja saa yako."

"Nipe tu kazi, Lameck. Nipo."

"Sina kazi yako sasa. Kazi yako ni kulala." Watu watatu nyuma walicheka. Lameck hakukusudia waangue kicheko. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. "Nisamehe, mama. Nikikupitisha wewe nimpitishe na nani tena? Tutarudi kule kule kwa siku ya basi. Kalale."

Ida aligeuka. Alitoka geti la nyuma kama mtu anayerudi nyumbani, akazunguka ukuta mpaka pale wanapofulia mashuka, ambako uzio una mwanya wa mwaka juzi. Wafuaji walikuwa wakibeba ndoo za maji na marundo ya mashuka kuelekea uwanjani. Ida alichukua ndoo. Hakuna anayemuuliza jina mwanamke aliyebeba maji siku ya maafa.

*

Majeruhi walikuwa wamefika. Veridiana alisimama mlangoni akiwafunga vitambaa mkononi: nyekundu kwa wasioweza kungoja, njano kwa wanaoweza kungoja wakiangaliwa, kijani kwa waliotembea wenyewe. Wanawake wengi bado walikuwa wamevaa kanga za sare za ngoma, za rangi ya zambarau, zenye vumbi jekundu la mteremko. Mmoja wao mkono wake uliovunjika ulikuwa umekumbatia ngoma ndogo, na alikataa kuiacha.

Ida aliweka ndoo chini akaingia kwenye turubai la njano. Mikono yake ilijua cha kufanya kabla yeye hajajua. Alinyanyua, alifuta, alifunga. Hakuwa na plasta kifuani, lakini alikuwa na sare, na walio katika maumivu hawasomi.

"Nesi," aliita mwanamke aliyelala ukingoni, mnene, sauti imekauka. "Kaa na mimi kidogo."

Aliitwa Rose. Ndiye aliyekuwa akiwaimbisha wenzake ndani ya Fuso ilipokatika breki. Alisema tumbo linamuuma upande wa kushoto, na maumivu yanapanda mpaka begani, lakini si sana.

"Mlikuwa mnaimba wimbo gani?" Ida aliuliza, ili amsikie pumzi akijibu.

"Wa kuwatania mama wa wari." Rose alijaribu kucheka akashika ubavu. "Kwamba mtoto amekuwa mkubwa, sasa mama akae pembeni."

Ida alihesabu mapigo ya mkono wa Rose, yalikuwa ya haraka lakini yana nguvu. Alipaswa kuyahesabu tena baada ya muda mfupi. Alijua. Tumbo lililogongwa hudanganya kwanza.

"Nakuja sasa hivi," alimwambia.

"Usiniache, mama."

"Sikuachi. Nakuja."

Nyuma ya jengo, chumba cha upasuaji kilikuwa na dirisha la kioo cha ukungu, na kwenye pembe ya chini rangi ilikuwa imebanduka kiasi cha jicho. Ida alisimama pale kwenye nyasi, mwanamke mzima, mama wa mtu, akachungulia.

Alimwona Loveness kichwani pa mgonjwa. Alimwona akiinua taya kwa vidole viwili. Alimwona akiinamisha shavu kusikia pumzi, na moyo wa Ida ukaruka kama mtu aliyeona nguo yake ikivaliwa na mwingine sokoni. Kila alichofanya msichana kilikuwa chake. Kisha akamwona akifanya jambo ambalo hakumfundisha, kitu chepesi cha mkono juu ya mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa, haraka na safi, na hapo wivu ukageuka ukawa kitu kigumu zaidi. Maana cha kwanza angeweza kusema ni wizi. Hiki cha pili hakikuwa chake hata kidogo.

Hakujua alisimama kiasi gani. Aliporudi kwenye turubai, kivuli kilikuwa kimehama, na Veridiana alikuwa amepiga magoti kando ya Rose, akikata kitambaa cha njano na kufunga chekundu. Midomo ya Rose ilikuwa imepauka kama unga wa muhogo. Jasho baridi, tumbo gumu.

"Nani alikuwa akimwangalia huyu?" Veridiana alifoka bila kuinua kichwa.

"Alikuwepo nesi mmoja," alisema mwanamke mwenye ngoma. "Akaondoka. Ndiyo maana hatukukuita, tulidhani huyu anaye mtu wake."

"Nesi gani?"

"Hatumjui. Hakuwa na ile karatasi kifuani."

Ida alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, akiwa ameiokota tena ndoo yake. Veridiana hakumwona. Wabebaji walikuja na machela wakamnyanyua Rose, na Ida akashika ncha moja ya shuka, akaachia, akaenda.

*

Saa nane ilipofika alisimama mbele ya meza ya Lameck kama mtu aliyetoka nyumbani. Alikuwa amenawa uso kwenye bomba la kufulia.

"Afadhali," alisema Lameck. "Arthur anakuulizia. Loveness yuko kwenye mgonjwa wa nne, na kuna mama wa bandama imepasuka, ameshaanza kuongezewa damu, wanataka meza ya pili sasa." Tayari alikuwa akikata plasta. Kisha akasita, kwa kuwa utaratibu ulimtaka aulize, na Lameck hakuruka utaratibu. "Umelala, Mama Godwin?"

Lilikuwa swali lake mwenyewe. Ida ndiye aliyeomba kwenye kikao kile liwekwe.

"Nimelala," alisema.

Lameck alitazama mdomo. Akambandika: IDA, USINGIZI, MEZA 2.

Alipita mbele ya mlinzi. Kwa yadi chache za uwanja alikuwa na furaha tupu, furaha ya msichana, na kipande kile cha plasta kilimkaa kifuani kama nishani. Sasa na wajue. Alivaa kofia na barakoa, akasukuma mlango. Kwenye meza ya kwanza Loveness aliinua macho juu ya mgonjwa wake, na macho yale yalionyesha nafuu kubwa sana, kama ya mtoto aliyemwona mama yake mlangoni, kiasi kwamba Ida aliyakwepa.

Kwenye meza ya pili alikuwa Rose.

Alikuwa macho bado. Alimtazama Ida, sare, kofia, barakoa, yale macho mawili tu yaliyobaki nje, akamtambua.

"Ulisema unakuja," alinong'ona.

"Nimekuja."

Daktari Arthur alikuwa ananawa mikono. "Mama, tukiwa tayari uniambie. Hatuna muda mwingi, lakini damu inaingia, tuna dakika."

Ida alichukua kichupa. Alisoma maandishi, akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Akaweka kichupa chini. Kisha hakukumbuka kama alikuwa amesoma. Akakichukua tena, akasoma, jina la dawa likiwa pale, na nguvu yake, na mara tu alipoondoa jicho lilifutika kama jina la mtu aliyetambulishwa kwako harusini. Akasoma mara ya tatu. Bomba lilikuwa mkononi mwake, na alitazama mistari ya vipimo ikaogelea.

Hakuogopa kumuua Rose kwa ujinga. Ujinga hakuwa nao. Aliogopa kwa sababu aliyafahamu macho haya. Aliwahi kuyaona usoni mwa msichana mrefu, asubuhi nyingi, na kila mara aliyafukuza chumbani humu.

Angeweza kuendelea. Mikono ingejipitisha yenyewe, kama ilivyojipitisha mara nyingi usiku wa manane, na pengine Rose angeamka salama, na mji ungesema ni Mama Godwin. Loveness alikuwa hapo mita mbili. Kusema neno lile mbele ya wengine kungekuwa rahisi. Kusema mbele yake ilikuwa kama kuvua nguo.

"Daktari," Ida alisema. "Sikulala."

Arthur aligeuka, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Nilimwambia Lameck nimelala. Nimedanganya. Nimekuwa hapa tangu asubuhi. Siwezi kumlaza huyu."

Mashine ya Loveness ililia mlio wake wa kila pumzi. Arthur alifumba macho mara moja, kama mtu anayemeza kidonge kichungu, kisha akatazama meza ya kwanza.

"Loveness. Umebakiza nini?"

"Wanashona ngozi. Anapumua mwenyewe vizuri. Veridiana akiweza kutoa mtu wa kumwangalia akiamka, nakuja meza hiyo." Hakumtazama Ida. Ilikuwa adabu, na Ida aliijua kuwa adabu.

"Muite."

Ida aliweka bomba la sindano kwenye kisinia, mbali na mengine, akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Hii itupwe. Nimeivuta mimi." Kisha akainama kwa Rose.

"Anakuja mwingine kukulaza," alisema. "Ni mzuri." Neno hilo lilikuwa na mfupa ndani yake, akalimeza hivyo hivyo. "Nilimfundisha mimi," akaongeza, kwa kuwa hakuweza kujizuia.

Nje alibandua plasta kifuani. Ilishika, ikang'oa nyuzi mbili tatu za sare. Alikwenda nayo mpaka bandani, akaiweka mbele ya Lameck, na Lameck, aliyekwisha kusikia, kwa kuwa habari hospitalini hupita kasi kuliko damu, alinyanyua kalamu akaishusha.

"Ungeniambia asubuhi ile ile kwamba huendi nyumbani," alisema, "ningekufungia ofisini kwangu ukalala kwenye mkeka."

"Ulinifukuza."

"Nilikufukuza ukalale."

"Ndiyo," Ida alisema. "Nilisikia kufukuzwa tu."

Alijinyoosha kwenye benchi la saruji, chini ya picha ya mtoto mnene anayenyonya. Aliamini hatapata usingizi kwa aibu. Akalala kabla hajavua viatu.

*

Alipoamka jua lilikuwa limekwenda nyuma ya vilima vya mawe, na mawe yenyewe yalikuwa na rangi ya ngozi ya bibo. Alikuwa amefunikwa kanga. Kando yake Mama Ziada alikaa na chano tupu miguuni.

"Nimewalisha watu wa Fuso wote," alisema. "Vitumbua vyangu havijawahi kupata msiba kama huu. Umekoroma, Mama Godwin. Wagonjwa wamelalamika."

"Yule mama Rose?"

"Yu hai. Ameamka anataka kujua ngoma yao iko wapi." Mama Ziada alimtazama kwa upande. "Na maji yako yalikauka, sufuria ikaungua. Nimezima moto. Mtaani nimewaambia umeitwa."

Ida alikunja kanga, akamrudishia. Alikwenda kunywa maji, akaosha uso mara mbili, akasimama mbele ya Lameck. Lameck hakuuliza. Alimtazama macho kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, akakata plasta, akaandika tena.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji Loveness alikuwa ameegemea ukuta, kofia imevuliwa, nywele zimenata kichwani kwa jasho. Wagonjwa wawili walikuwa bado wanangoja, mmoja wa paja, mmoja wa kiganja. Msichana alinyoosha vidole kumwonyesha dawa zilizobaki, akisoma kila kichupa kwa sauti, na Ida akirudia jina na nguvu yake, kama walivyofanya miaka yote. Uso wa Loveness ulikuwa na ule uchovu unaofanana na nuru, uchovu wa mtu aliyetakiwa kutwa nzima. Ida aliuona. Akauonea wivu hata huo.

"Shikamoo, Mama," Loveness alisema, kana kwamba ndiyo kwanza siku inaanza.

"Marahaba, mwanangu."

Ida alinyoosha mkono kupokea funguo za kabati la dawa. Loveness hakuzitoa. Alisimama mlangoni, mrefu, akizishika kifuani. Aliona haya, lakini hakusogea.

"Umelala?" aliuliza.

Ida alihisi joto likimpanda shingoni mpaka masikioni. "Nimelala."

Loveness hakusikiliza mdomo. Alimtazama macho, moja kisha la pili, bila haraka, jinsi alivyofundishwa. Kisha akaziweka funguo kiganjani mwake, akasogea pembeni, akampisha mlango.